Mtoto anayesoma vizuri mchana lakini anajikwaa jioni

Mama, je, una mtoto anayeshika ukuta jua likishazama? Anakanyaga sufuria iliyowekwa chini, ilhali asubuhi aliokota sindano iliyokuangukia mchangani? Kabla hujamwita mzembe, soma hapa.

Hapa Ushongo nilimpokea mvulana wa miaka 11. Mama yake alisema mtoto anatoroka madrasa kabla ya magharibi, na wiki hiyo alikuwa ameangukia jiko la mkaa. Nilimsimamisha mbele ya chati ya herufi, akasoma mpaka mstari wa chini. Nikamwambia mama kwamba macho ni mazima, warudi nyumbani. Nilikosea. Chati hupima katikati ya jicho tu, na tatizo la mtoto yule lilikuwa pembeni. Mwaka uliofuata walipokwenda kwa daktari wa macho, waliambiwa ni retinaitisi pigmentosa.

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, unaoitwa retina. Una chembe za aina mbili. Zile za katikati hufanya kazi kwenye mwanga mwingi, na ndizo tunazosomea na kutambulia rangi. Nyingine zimetapakaa pembeni, na hizo huona gizani na kutushtua kitu kikipita ubavuni. Katika ugonjwa huu chembe za pembeni ndizo zinazoanza kufa, polepole, kwa miaka mingi. Kwa hiyo usiku hutangulia kupotea, mara nyingi utotoni au ujanani, kisha upande wa kulia, wa kushoto, wa juu na wa chini husogea ndani kidogo kidogo. Katikati hubaki kwa muda mrefu. Wengi huendelea kusoma wakiwa watu wazima kabisa.

Ili uelewe anachokiona, fikiria anatazama kupitia bomba. Mtu mwenye macho mazima huona karibu nyuzi 180 kutoka upande hadi upande. Chukua mtoto aliyebakiwa na nyuzi 20, ambaye macho yake yako mita 1.2 kutoka ardhini. Akitazama mbele moja kwa moja, mchanga anaanza kuuona kama mita 7 kutoka alipo. Ndoo iliyo hatua mbili mbele yake haipo kabisa machoni mwake. Hajifanyi, wala hapuuzi.

Kumwangalia nyumbani

Keti mbele yake, umbali wa mita moja, mkitazamana. Yeye afunike jicho la kushoto kwa kiganja, wewe ufunike la kulia, naye akazie macho pua yako. Nyoosha mkono wako pembeni, katikati yenu, ukichezesha kidole, kisha usogeze ndani taratibu. Aseme anapokiona. Kama wewe umekiona mapema na yeye anakiona kikishakaribia pua, uwanja wake umebanwa. Rudia pande zote, kisha jicho la pili. Jioni, mlinganishe na mtoto wa umri wake: watoke wote uani taa zikiwa zimezimwa, wasubiri nusu saa macho yazoee giza, kisha uone nani bado anapapasa.

Kutoona usiku kunaweza pia kutokana na upungufu wa vitamini A, hasa kwa mtoto mdogo aliyeugua surua au kuhara kwa muda mrefu. Tofauti ni muhimu kwa sababu huo hutibika. Jicho huwa kavu, pengine lina madoa meupe kama povu kwenye sehemu nyeupe, na akipewa vitamini A zahanati, giza humrudia kuonekana ndani ya siku chache. Mtoto huyo apelekwe mara moja, jicho likikauka sana huharibika. Retinaitisi pigmentosa haibadiliki kwa vidonge hivyo. Usinunue vitamini A dukani ukamzidishia, maana ikizidi huumiza ini. Na usimtie dawa ya majani machoni.

Anzia zahanati, uombe rufaa ya kumwona daktari wa macho. Kutoka kwetu ni kuvuka kwa kivuko Bweni hadi Pangani mjini, kisha barabara ya Tanga hadi hospitali ya mkoa ya Bombo. Vipimo vikubwa zaidi viko KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam. Usiseme tu "haoni vizuri", watampa chati kama nilivyofanya mimi. Sema: "haoni gizani, na anagonga vitu vilivyo pembeni." Daktari atapanua mboni kwa matone na kuangalia retina yenyewe, ambako huonekana madoa meusi. Kama mtoto pia hasikii vizuri, liseme hilo, kwani kuna aina inayoshika macho na masikio pamoja.

Miwani haiurudishi upande uliopotea. Ipo tiba ya kubadilisha chembe za urithi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, lakini ni kwa aina moja tu ambayo ni adimu, na bei yake haifikiki. Hata hivyo aendelee kwenda kliniki, maana wagonjwa hawa hupata pia mtoto wa jicho, nao huo hufanyiwa upasuaji.

Ugonjwa ni wa kurithi. Mara nyingi baba na mama wote wazima wamebeba kasoro ileile bila kujua, na kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Hutokea zaidi wazazi wakiwa ndugu, kama mabinamu. Sijasema haya ili mtu alaumiwe ukweni. Nimesema ili wadogo zake nao wapimwe.

Mwanga na mwendo

Washa taa kabla giza halijaingia. Taa ya sola iliyoning'inizwa usawa wa macho humpofusha kwa mng'ao, kwa hiyo ipandishe juu au uielekeze ukutani, na moja iwe njia ya chooni. Tochi yake iwe ya mwanga mpana, na aielekeze chini, hatua mbili mbele. Ile ya kichwani wanayovaa wavuvi wa pweza inafaa, maana mikono inabaki huru. Akiingia ndani kutoka kwenye jua la pwani, asimame mlangoni kwanza, macho yake huchelewa kuzoea. Kofia yenye ukingo humpunguzia mng'ao, na humwonya kabla kichwa hakijagonga tawi.

Paka chokaa ukingo wa ngazi, kizingiti na mdomo wa kisima. Milango iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ule wa nusu ndio unaopasua paji la uso. Jiko na ndoo viwe na mahali pake pasipohama. Mfundishe kuzungusha kichwa anapotembea: chini, kushoto, kulia, mbele. Usimvute mkono. Yeye ashike kiwiko chako, wewe utangulie nusu hatua.

Ufukweni, kamba za nanga na miti ya pembeni ya ngalawa ndizo humwangusha. Asipite katikati ya vyombo jioni, na maji yakipwa usiku asiende mwambani bila mtu mzima. Akikua, asiendeshe bodaboda, hata mchana.

Shuleni, mwalimu atataka kumweka dawati la mbele. Kama anasoma vizuri kwa mbali, mwombe amrudishe nyuma kidogo, katikati. Akiwa mita 3 kutoka ubaoni anaona upana wa mita moja tu. Akiwa mita 6 anaona mbili.