Kulluhum au kullahum? Taukidi na badali katika sarufi ya Kiarabu

Tunapoanza kozi ya Kiarabu, tunafundishwa kwamba jina hubadilisha mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi. Likiwa mtenda, huishia kwa u, na hali hiyo huitwa rafaa. Likiwa mtendwa, huishia kwa a, nayo ni nasbu. Likitanguliwa na kihusishi, au likiwa ni mmiliki wa jina lililo mbele yake, huishia kwa i, nayo ni jarri. Hayo wengi wetu huyashika mapema. Kinachosumbua zaidi ni neno linaloongezwa baada ya jina, lisilokuwa mtenda wala mtendwa, wala halina kihusishi chake. Je, lenyewe huchukua mwisho gani?

Wanasarufi wa Kiarabu huyaita maneno ya namna hiyo tawabii, yaani wafuasi. Mfuasi hana hali yake mwenyewe. Hubeba hali ya jina analolifuata. Wako wa aina kadhaa, lakini hapa nitashughulika na wawili tu. Taukidi ni neno linalokuja kukazia jina. Badali ni neno linalokuja kusimama mahali pa jina. Nitaanza na sentensi moja, kwa sababu inaonyesha wazi kwamba kanuni hii si pambo la mwisho wa neno.

Akrama al-asaatidhatu at-tullaaba kulluhum.
Akrama al-asaatidhatu at-tullaaba kullahum.

Kitenzi akrama ni "aliheshimu" au "alikirimu". Al-asaatidhatu ni maustadhi, na at-tullaaba ni wanafunzi. Neno la mwisho limeundwa kwa kullu, yaani "-ote", na kiwakilishi hum, yaani "wao". Sentensi zote mbili zina maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, nazo zimetofautiana kwa irabu moja tu.

Sasa tuipime. Kiwakilishi hum hakitusaidii, kwa maana maustadhi ni wengi na wanafunzi nao ni wengi. Tutazame irabu iliyo kati ya kull na hum. Katika sentensi ya kwanza ni u, yaani rafaa. Jina lililo katika rafaa ni moja tu, nalo ni al-asaatidhatu. Kwa hiyo kulluhum inamfuata mtenda, ingawa mtendwa ameingia katikati, na maana yake ni: maustadhi wote waliwakirimu wanafunzi. Katika sentensi ya pili irabu ni a, yaani nasbu, na jina lililo katika nasbu ni at-tullaaba. Maana yake ni: maustadhi waliwakirimu wanafunzi wote.

Katika Kiswahili, kazi hiyo hufanywa na mahali pa neno. "Maustadhi wote waliwakirimu wanafunzi" na "maustadhi waliwakirimu wanafunzi wote" zinatofautiana kwa sababu wote imekaa karibu na jina lake. Sisi pia tuna upatanisho, lakini ni upatanisho wa ngeli: watu wote, vitabu vyote, miti yote; na mtaani kwetu, bantu bote. Ngeli inaeleza neno ni la jina gani pale ngeli zinapotofautiana. Majina mawili yakiwa ya ngeli moja, kama maustadhi na wanafunzi, ngeli inanyamaza na mpangilio ndio unaoamua. Kiarabu fasihi kina nyenzo nyingine, yaani hali, na ndiyo maana kinaweza kumwacha mfuasi mbali na jina lake bila kumpoteza msomaji.

Tukiweka kihusishi, mambo yanabaki yaleyale. Sallamtu 'alaa at-tullaabi kullihim: niliwasalimu wanafunzi wote. Kihusishi 'alaa kimelitia jina katika jarri, na kullu imelifuata. Hapa hata kiwakilishi kimeguswa: hum imekuwa him, kwa sababu imetanguliwa na i.

Sharti moja halipaswi kusahaulika. Kullu ni taukidi pale tu inapokuja baada ya jina ikiwa na kiwakilishi kinachorudi kwenye jina hilo. Ikitangulia, kama katika jaa-a kullu at-tullaabi, basi si mfuasi tena. Yenyewe imekuwa mtenda na imechukua rafaa kwa haki yake, na jina at-tullaabi limesukumwa kwenye jarri. Kiswahili kimeichukua sura hiyo ya kutangulia: neno letu kila limetoka kwa kullu, na mpaka leo hukaa mbele ya jina na halipatani na ngeli yoyote. Tunasema kila mtu, kila kitabu, kila mti.

Kwa nini basi neno liongezwe, ilhali jina limekwisha kutajwa? Wanasarufi hujibu kwamba taukidi huja kuondoa shaka. Ukisema maustadhi wamefika, msikilizaji anaweza kudhani kwamba umesema kwa ujumla na kwamba baadhi yao hawakufika. Kulluhum inafuta dhana hiyo. Ukisema mkurugenzi amefika, msikilizaji anaweza kudhani ni mjumbe wake aliyefika. Hapo hutumiwa nafsu: jaa-a al-mudiiru nafsuhu, mkurugenzi mwenyewe amefika. Kutokana na sababu hiyo tunaelewa kwa nini jaa-a Zaydun kulluhu haikubaliki. Zayd haji nusu nusu, basi hakuna shaka ya kuondoa. Lakini kusema nimeusoma waraka wote, qara'tu al-kitaaba kullahu, ni sawa, kwa kuwa waraka unaweza kusomwa sehemu.

Hiyo nafsu ina mtego wake, nao ni mkali kuliko ule wa kullu. Tulinganishe:

Laama al-mudiiru nafsuhu al-kaatiba.
Laama al-mudiiru nafsahu.

Kitenzi laama ni "alilaumu". Katika sentensi ya kwanza nafsuhu ina rafaa, imemfuata mkurugenzi: mkurugenzi mwenyewe alimlaumu mwandishi. Katika ya pili nafsahu ina nasbu, na al-mudiiru yuko katika rafaa. Hali hazilingani, kwa hiyo nafsahu haiwezi kuwa taukidi ya mkurugenzi. Ni mtendwa kamili, na maana ni: mkurugenzi alijilaumu. Kiswahili kimezitenganisha maana hizi kwa vifaa viwili, mwenyewe kwa kukazia na ji- kwa kujirejea. Kiarabu hapa kinatumia neno moja, na tofauti imeachwa mikononi mwa irabu.

Tukija kwenye badali, tunakuta umbo linalofanana mno na taukidi. Angalia:

Akaltu ar-raghiifa kullahu.
Akaltu ar-raghiifa nisfahu.

Nilikula mkate wote. Nilikula mkate, nusu yake. Katika zote mbili jina liko katika nasbu, neno lililoongezwa liko katika nasbu, na kiwakilishi hu kinarudi kwenye mkate. Hata hivyo kullahu ni taukidi, na nisfahu ni badali. Tofauti iko katika neno linalokusudiwa. Katika taukidi, jina la kwanza ndilo lengo, na mfuasi analilinda. Katika badali, mfuasi ndiye lengo, na jina la kwanza limemwandalia njia tu. Mimi hutumia kipimo hiki: rudia kitenzi pamoja na mfuasi peke yake, kisha uone kama habari imebaki ya kweli bila jina la kwanza. "Nilikula nusu yake" ndiyo habari halisi. "Nilikula mkate", ikiachwa hivyo hivyo, ingemdanganya msikilizaji. Kwa hiyo nusu imechukua nafasi ya mkate. Katika sentensi ya kwanza, kinyume chake, "nilikula mkate" ni kweli tayari, na kullahu imeihakikisha.

Badali ya sehemu, kama hiyo ya mkate, huhitaji kiwakilishi kinachorudi. Badali ya kitu chenyewe haikihitaji, kwa sababu majina yote mawili ni ya mtu yuleyule. Jaa-a akhuuka Zaydun: amekuja ndugu yako, Zayd. Ra-aytu akhaaka Zaydan: nimemwona ndugu yako, Zayd. Marartu bi-akhiika Zaydin: nimepita kwa ndugu yako, Zayd. Neno "ndugu" limebadilika kwa irabu ndefu, uu, aa, ii, na Zayd amelifuata kila mara kwa irabu fupi. Hali ni ileile. Alama zake ndizo zilizotofautiana. Anayetazama mlio wa mwisho bila kuuliza hali atadhani kwamba maneno hayo mawili hayapatani.

Imebaki taukidi iliyo rahisi kuliko zote, ile ya kulirudia neno lenyewe. Jaa-a Zaydun Zaydun: amekuja Zayd, Zayd hasa. Neno la pili halina kazi nyingine, nalo limenakili rafaa ya la kwanza. Lakini si kila neno lililorudiwa ni taukidi. Dakhala at-tullaabu waahidan waahidan: wanafunzi waliingia mmoja mmoja. Marudio hayo hayakazii chochote, yanagawa, kama yanavyofanya katika Kiswahili. Na hali inathibitisha: at-tullaabu wako katika rafaa, waahidan ziko katika nasbu. Zinaeleza namna ya kuingia, hazimfuati mtenda.

Msomaji atauliza: maandishi mengi ya Kiarabu hayaandikwi irabu fupi, tutaitambuaje kulluhum mbele ya kullahum? Kwa macho haiwezekani, kwani zote mbili huandikwa kwa herufi zilezile. Muktadha hutosha mara nyingi, na usipotosha, mwandishi mwangalifu huiweka irabu juu ya herufi hiyo moja, au huitanguliza kullu. Katika lahaja zinazosemwa majumbani, ambazo zimeacha miisho ya hali, wasemaji hutegemea mpangilio kama sisi.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo herufi zenyewe zinasema. Ni kwa watu wawili, ambao taukidi yao ni kilaa. Akrama al-ustaadhaani at-taalibayni kilaahumaa: maustadhi wote wawili waliwakirimu wanafunzi wawili. Akrama al-ustaadhaani at-taalibayni kilayhimaa: maustadhi wawili waliwakirimu wanafunzi wote wawili. Alifu imegeuka kuwa yaa, na tofauti hiyo inaonekana katika waraka wowote. Anayetaka kujizoeza na aanze na sentensi za wawili, ambamo hali inasomeka kwa macho, kisha ahamie kwenye kullu, ambako atalazimika kuitafuta kwa kujiuliza kwanza ni nani mtenda, na nani mtendwa.