Pleti Ikatwe Urefu Gani Ili Ifunge Mviringo?

Katika kituo kidogo cha umeme wa maji, kama vile vilivyopo kwenye milima ya Mufindi na Njombe, maji hushuka kutoka juu hadi kwenye mtambo ndani ya bomba la chuma. Bomba likiwa na upana wa mita moja na zaidi, kwa kawaida hutengenezwa karakana: fundi huchukua pleti bapa, huipitisha kwenye rola mpaka ncha zake mbili zikutane, kisha huchomelea mshono. Hapo amepata pingili moja. Pingili nyingi zikiunganishwa, ndilo bomba.

Kabla pleti haijafika kwenye rola, mtu amesimama juu yake na chaki na tepu, na ana swali moja: niikate urefu gani? Akikosea hapo, rola haitamwokoa, kwa sababu rola hukunja tu, haiongezi chuma wala haipunguzi.

Tuchukue pingili moja tuifuate mpaka mwisho. Mchoro unataka bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 1,200, na pleti ni ya unene wa milimita 10. Mhandisi ametaja kipenyo cha ndani kwa sababu maji hupita ndani. Hesabu yake ya mwendo wa maji inategemea nafasi hiyo. Kijana aliyetoka shule anajua kwamba mzingo wa duara ni kipenyo mara pai, kwa hiyo anazidisha 1,200 kwa 3.1416 na kupata 3,770. Hesabu haina kosa. Ila huo ni mzingo wa ukuta wa ndani peke yake, na pleti ina kuta mbili. Ukuta wa nje una kipenyo cha 1,220, kwa sababu unene wa milimita 10 umeongezeka kila upande, na mzingo wake ni karibu 3,833. Tofauti ya hizo mbili ni milimita 63. Pleti ikiwa bapa juu ya meza, uso wake wa juu na wa chini una urefu uleule. Sasa ni mzingo upi kati ya hiyo miwili unaolingana na urefu wa pleti kabla haijakunjwa?

Hakuna hata mmoja. Pleti inapokunjwa, chuma cha upande wa nje huvutwa na kurefuka, na chuma cha upande wa ndani hubanwa na kufupika. Kadiri unavyotoka nje kuelekea ndani, mvuto unapungua, unafika sifuri, halafu mbano unaanza. Pale kwenye sifuri kuna tabaka ambalo halikuvutwa wala halikubanwa, na urefu wake ni uleule tuliopima kwa tepu pleti ikiwa bapa. Kwenye mviringo mpana kama huu wetu, tabaka hilo liko katikati kabisa ya unene. Kipenyo chake ni kipenyo cha ndani ukijumlisha unene mmoja: 1,200 na 10, yaani 1,210. Zidisha kwa 3.1416 upate milimita 3,801.3. Huo ndio mzingo wa kukatia.

Kama mchoro ungetaja kipenyo cha nje badala ya cha ndani, tungetoa unene mmoja badala ya kuujumlisha: 1,220 toa 10, na jibu ni lilelile. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kikokotoo, soma mchoro vizuri uone mshale wa kipimo umeanzia ukuta upi.

Jambo hili halihitaji kuaminiwa kwa maneno tu. Pingili ikishakunjwa, zungusha tepu upande wa nje, halafu ilaze upande wa ndani. Nje utasoma karibu milimita 31 zaidi ya ulizokata, na ndani karibu milimita 31 pungufu. Tazama pia zile ncha mbili zinapokutana. Zilikatwa wima, na zimebaki zimenyooka kuelekea katikati ya duara, kwa hiyo zinagusana kuanzia ukuta wa ndani hadi wa nje kwa wakati mmoja. Ingekuwa pleti haivutwi nje wala haibanwi ndani, zingegusana ndani tu na nje kungebaki uwazi wa zaidi ya milimita 60.

Turudi kwa kijana aliyekata 3,770. Pingili yake itafunga vizuri, itachomelewa vizuri, na kwa macho huwezi kuona kasoro. Lakini kipenyo chake cha ndani kitakuwa 1,190. Amepoteza milimita 10, yaani unene mmoja wa pleti kamili. Angekata kwa mzingo wa nje, angezidisha milimita 10 zilezile. Na hapa ndipo mafundi wengi huduwaa: kosa hilo halitegemei ukubwa wa duara. Iwe ni ndoo au tangi la mita tano, ukitumia mzingo wa ukuta usio sahihi, kipenyo kinakosea kwa unene mmoja wa pleti. Ndiyo maana fundi wa mabati ya mifereji, anayefanya kazi na bati la nusu milimita, anaweza kukokotoa kwa kipenyo chochote miaka yote na asione tatizo. Siku akihamia kwenye pleti ya milimita 10, mazoea yale yanamwangusha.

Kuanguka kwenyewe huonekana pingili mbili zinapowekwa mdomo kwa mdomo. Moja ina 1,200 na nyingine 1,190. Ukizipanga katikati sawasawa, kuna ngazi ya milimita 5 kuzunguka bomba zima, nusu ya unene wa ukuta. Mshono wa namna hiyo haushiki sawasawa, na maji yanayopita kwa kasi yanakwaruza pale penye kizingiti. Wengine huzipanga zilingane upande mmoja, na upande wa pili hupata ngazi ya milimita 10, ambapo hakuna tena kitu cha kuchomelea isipokuwa kuziba.

Baada ya kupata 3,801.3, bado kuna mshono. Ncha mbili haziachwi zikagusana kabisa. Huachwa mwanya, tuseme milimita 3, ili moto na chuma cha kuchomelea vifike hadi ndani. Mwanya huo ni sehemu ya mzingo, kwa hiyo lazima utolewe kwenye pleti. Halafu mshono ukipoa hukaza na kuvuta ncha zisogeleane kidogo. Kwa pleti ya unene huu ni kama milimita moja na nusu hivi. Ukitoa 3 na kurudisha moja na nusu, unabaki na 3,799.8. Mimi ningeandika 3,800 kwa chaki na kukata. Kila karakana inapaswa kupima pingili yake ya kwanza baada ya kuchomelea na kujua mshono wake hukaza kiasi gani, kwa sababu moto wa fundi mmoja si moto wa mwingine.

Unene nao upimwe, usisomwe kwenye risiti. Pleti iliyouzwa kama ya milimita 10 inaweza kupungua au kuzidi kwa karibu nusu milimita. Kwenye mzingo, nusu milimita hiyo ni milimita moja na nusu. Na pai ya 3.14 ambayo wengi wameizoea hupunguza karibu milimita 2 kwenye kipenyo chetu. 22/7 huzidisha moja na nusu. Kosa moja la namna hiyo linavumilika, kwa sababu milimita 3 za mzingo ni milimita moja tu ya kipenyo. Yakijumlishwa matatu upande mmoja, ngazi inaanza kuonekana.

Urefu ukiwa sahihi, bado pleti inaweza kuharibika kwa kutokuwa mraba kwenye pembe. Pingili yetu ina upana wa milimita 1,500, kwa hiyo kila ulalo, kutoka pembe hadi pembe, uwe 4,085. Pima zote mbili. Tuseme umepata moja imezidi nyingine kwa milimita 6. Inaonekana ndogo kwenye pleti ya karibu mita nne. Lakini maana yake ni kwamba ncha imelala milimita 3 na kitu katika upana wa 1,500, na mlalo huo ukizunguka mita 3.8 za mzingo, midomo ya pingili inapokutana kwenye mshono mmoja unakuwa umemzidi mwenzake kwa milimita 8. Ukiona mdomo wa pingili una ngazi pale kwenye mshono, kama uzi wa skrubu, usiilaumu rola kabla hujarudi kwenye vipimo vya pembe, au kabla hujahakikisha kwamba pleti iliingizwa kwenye rola ikiwa imenyooka.

Kuna kazi nyingine ambapo hesabu huanzia mahali tofauti. Tangi lenye vifuniko vya bakuli vilivyonunuliwa tayari ni mfano mzuri. Kifuniko kilichoandikwa 1,220 kwa nje si lazima kiwe 1,220. Zungusha tepu kwenye ukingo wake. Tuseme imesoma 3,839 badala ya 3,833. Tangi lazima lilingane na kifuniko ulichonacho mkononi, si kilicho kwenye karatasi. Toa pai mara unene, yaani 31.4, na mzingo wa kati wa tangi lako ni 3,807.6, ambao unautoa mwanya wa mshono kama kawaida. Njia hii haihitaji hata kujua kipenyo.

Na kanuni ya katikati ya unene ina mpaka wake. Inasimama vizuri pale duara ni pana ukilinganisha na unene. Kwenye bomba letu, nusu kipenyo ni mara 60 ya unene, hakuna wasiwasi. Duara likibana mpaka nusu kipenyo cha ndani kikawa mara mbili au tatu tu ya unene, lile tabaka lisilovutwa huondoka katikati na kusogea kuelekea ndani, na pleti iliyokatwa kwa kipimo cha katikati hutoka ndefu kuliko inavyotakiwa. Rola nazo, zikiikandamiza pleti nene kwa nguvu na kuipitisha mara nyingi, huirefusha kidogo. Katika kazi hizo, kata kipande chembamba cha pleti ileile, kikunje kwa duara lilelile, pima kabla na baada, ndipo uikate pleti kubwa.