Mtambo wa pili na alizeti ya kuulisha

Tuchukue mfano wa kiwanda cha kukamua alizeti Singida, ambacho menejimenti yake inataka kuongeza mtambo wa pili kwa shilingi bilioni 2. Waraka umefika mezani kwa bodi ya wakurugenzi, na pendekezo lake ni kwamba mradi ukubaliwe.

Mtambo huo unatarajiwa kuingiza milioni 700 taslimu kila mwaka kwa miaka 5, kutokana na mafuta na mashudu, gharama na kodi zikiwa zimeshatolewa. Jumla ni bilioni 3.5, lakini pesa ya kesho haina uzito wa pesa ya leo. Wenye mtaji wanadai asilimia 16 kwa mwaka, hivyo milioni 700 za mwisho wa mwaka wa kwanza leo zina thamani ya milioni 603, na zile za mwaka wa tano milioni 333 tu. Ukijumlisha miaka yote unapata milioni 2,292. Ukitoa gharama ya mtambo, inabaki milioni 292, na hiyo ndiyo thamani halisi ya sasa ya mradi.

Waraka unataja pia kiwango cha ndani cha marejesho, yaani asilimia ambayo ikitumika mahali pa ile 16, ziada yote inaisha. Hapa ni kama asilimia 22. Mjumbe akiona 22 juu ya 16 huridhika upesi, na hapo ndipo ninapoogopa.

Hesabu ileile ukiigeuza, mradi unahitaji angalau milioni 611 kwa mwaka ili usile mtaji. Nafasi ya kukosea basi ni milioni 89, ambayo mvua mbaya ya msimu mmoja au ushuru wa mafuta ya nje uliopunguzwa kwenye bajeti ya Juni unaweza kuimeza kwa mwaka huo. Kuchelewa ni kubaya zaidi: mtambo ukikosa msimu wa mavuno na mapato yote yakasogea mwaka mmoja, thamani inashuka hadi hasara ya milioni 24, hata kama hakuna kingine kilichoharibika.

Swali ambalo ningeliuliza kabla ya yote ni hili: mtambo wa zamani unafanya kazi miezi mingapi kwa mwaka? Ukisimama kwa kukosa mbegu, wa pili utagawana naye alizeti ileile, na zile milioni 700 si mapato mapya. Nyaraka nyingi huhesabu uwezo wa mashine, zikasahau mbegu ya kuilisha, na pia pesa ya kununua gunia za miezi mingi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini.

Mimi ningeupitisha mradi huu kwa masharti mawili: mikataba ya mbegu na wakulima isainiwe kabla ya malipo ya mtambo, na mafundi wamalize kuufunga kabla ya Mei.