Uhuru wa Tanganyika: maswali matatu baada ya wasilisho la wanafunzi

Msikilizaji wetu, wiki iliyopita tulialikwa kwenye shule moja ya sekondari ya kata huku Kanda ya Ziwa. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wanawasilisha mada ya harakati za kudai uhuru, na wazazi na wazee wa kijiji waliitwa kusikiliza. Wasilisho lilikuwa fupi na safi. Walisema TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, Mwalimu Nyerere akaenda Umoja wa Mataifa mwaka 1955, Waingereza wakakubali, na tarehe 9 Desemba 1961 tukapata uhuru kwa amani.

Tarehe zote ni za kweli. Lakini maswali yalipoanza, chumba kilichangamka. Haya matatu yalitusaidia kuelewa zaidi kuliko wasilisho lenyewe.

Swali la kwanza: kwa nini 1961 na si 1970?

Baba mmoja aliuliza, "Kama Mzungu alikubali kwa maneno tu, mbona hakukubali mwaka ule ule wa 1955?"

Swali hilo lina uzito. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilitakiwa kutoa taarifa ya utawala wake. Ujumbe uliotembelea nchi mwaka 1954 ulipendekeza uhuru upatikane ndani ya miaka 20 hadi 25. Hotuba ya Nyerere kule New York iliipa TANU sauti duniani, lakini haikufupisha muda huo mara moja.

Maelezo mengine yanayotolewa ni kwamba Waingereza wenyewe walikwishachoka na walitaka kuondoka. Hapa kuna kipimo kizuri. Januari 1959 wakuu wa serikali ya Uingereza walikutana na magavana wa Afrika Mashariki huko Chequers. Katika mipango yao waliiwekea Tanganyika mwaka 1970, yaani miaka 11 mbele. Kumbe walitaka kuondoka, lakini polepole. Chini ya miaka mitatu baadaye bendera yao ilishushwa.

Kwa hiyo maelezo yoyote ya uhuru wetu lazima yajibu hili: nini kiliirudisha 1970 ikawa 1961?

Swali la pili: vijijini kulikuwa na nini?

Wanafunzi walipokwama, mzee mmoja aliwakumbusha ng'ombe. Katika Jimbo la Ziwa serikali ya mkoloni iliamuru watu wapunguze mifugo, walime kwa matuta, na walipe kodi juu ya kodi. Aliyekaidi alipelekwa kwenye baraza la mtemi akatozwa faini. Kule Uluguru, amri ya kuchimba matuta ya ngazi milimani ilizua ghasia mwaka 1955, na polisi wakaua mtu. Na hata kabla ya TANU, mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea, miaka mitatu kabla ya Nyerere.

Tukichukua Geita, tunaona jinsi hasira hiyo ilivyofanya kazi. Tangu 1954 TANU ilikuwa imepigwa marufuku katika sehemu kubwa ya Jimbo la Ziwa. Mwaka 1958 serikali ikaanzisha Geita baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko, Waafrika wakae pamoja na Wazungu na Waasia, ingawa karibu wakazi wote walikuwa Waafrika. Watu walilikataa. Maelfu walikwenda Mwanza kulalamika, wakapiga kambi, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Baadaye serikali iliachana na baraza hilo, na TANU ikaruhusiwa tena.

Gavana mpya, Richard Turnbull, alifika mwaka huo huo akitoka Kenya, ambako aliona vita vya Mau Mau. Alihofia kwamba TANU ikinyimwa nafasi, Tanganyika ingepata machafuko makubwa ambayo asingeweza kuyazuia. Ndiyo maana alichagua kuelewana na Nyerere, aliyekuwa akihimiza utulivu.

Hapo maelezo mawili yanakutana. Maneno ya amani ya viongozi yalikuwa na nguvu kwa sababu nyuma yao kulikuwa na vijiji vilivyokwisha kukataa kutii. Ukitoa vijiji, huelewi kwa nini Turnbull alikuwa na haraka. Ukitoa viongozi, huelewi kwa nini hatukuingia vitani.

Swali la tatu: na waliopika je?

Bibi mmoja alinyoosha mkono mwishoni. Wanafunzi walimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Wajukuu zangu, watu walipokwenda Mwanza mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Mama yangu alisaga unga wa safari usiku kucha. Katika maneno yenu sijamsikia."

Wasilisho lilikuwa na majina tisa, yote ya wanaume. Sababu moja ni namna kumbukumbu zilivyotunzwa. Maafisa wa mkoloni waliandika juu ya waliohutubia na waliokamatwa. Kura nayo iliwaacha wengi nje. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Walioandikishwa walikuwa takribani 60,000 katika nchi ya watu zaidi ya milioni nane. Mwanamke wa kijijini hakuwamo katika hesabu hiyo.

Lakini ndani ya TANU alikuwamo. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wako wapi. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, akapewa kazi ya kuwakusanya. Alipita kwenye vikundi vya ngoma ambavyo wanawake walikuwa navyo tayari, na kufikia Oktoba mwaka huo wanachama wanawake walifika takribani 5,000. Haya tunayajua vizuri kwa sababu mwanahistoria Susan Geiger alikaa na Bibi Titi na wenzake miaka ya 1980 akawarekodi. Asingekwenda, mengi yangezikwa nao.

Wapo wengine wasiosikika: askari waliorusha mabomu yale, na watemi waliotoza faini. Nao walikuwa watu wa hapa hapa, na baadhi yao walikuwa na sababu zao.

Mwalimu aliuliza kama maneno ya bibi ni ushahidi. Ni ushahidi, lakini hupimwa kama ushahidi mwingine. Miaka zaidi ya 60 huchanganya mambo, na mtu huweza kusimulia alichosikia baadaye akidhani alikiona. Kwa hiyo unamuuliza vitu vidogo: nani alikuwa mtemi, waliondoka msimu gani, unga ulikuwa wa mtama au mahindi, nani walirudi na nani hawakurudi. Kisha unamuuliza jirani yake, kila mmoja peke yake. Wakikubaliana kwenye vitu vidogo, habari inapata nguvu. Wakitofautiana, andika tofauti hiyo, usiifiche.

Wanafunzi waliamua kurudia wasilisho mwezi ujao. Wawili kati yao walimsindikiza bibi hadi kwake siku ile ile, simu mkononi, wakaanza na swali la unga. Alisema ulikuwa wa mtama.