Pango Halina Kosa: Kusoma Taarifa ya Faida na Hasara ya Duka la Bariadi

Mwenye duka akianza kulalamikia gharama, karibu kila mara huanza na pango. Kisha umeme, kisha mshahara wa kijana wa dukani, kisha TRA. Si ajabu, maana hizo ndizo pesa anazozitoa mkononi huku akiziangalia zinavyoondoka. Lakini katika maduka madogo ya rejareja, gharama inayomaliza faida mara nyingi haimo katika orodha hiyo. Imekaa juu zaidi kwenye taarifa, katika mstari ambao wengi hawauandiki kabisa: gharama ya mali iliyouzwa.

Tuchukue duka la mfano, Bariadi mjini. Tarakimu nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike, ila sura yake ni ya maduka mengi ya Simiyu. Linauza sukari, mchele, unga, mafuta ya kula, sabuni na soda. Mtaani wanaliita duka la Mangi, ingawa mwenyewe ni Msukuma wa Itilima. Mzigo mkubwa unatoka Mwanza, unapita Magu hadi Lamadi, kisha unakata kuja Bariadi. Bei zake kazipanga hivi: katika kila shilingi 100 za mauzo, 85 zirudishe bei ya kununulia na 15 zibaki.

Februari daftari lake lilionyesha mauzo ya shilingi 6,000,000 na manunuzi ya 5,100,000. Akatoa, akapata 900,000, yaani asilimia 15 kamili kama alivyopanga. Akaondoa matumizi ya mwezi, 370,000, zikabaki 530,000. Mwezi mzuri, au ndivyo alivyoona, mpaka alipotaka kuagiza mzigo wa Machi akakuta rafu zimepungua.

Kilichokosekana ni kuhesabu mali. Manunuzi ya mwezi si sawa na mali iliyouzwa mwezi huo. Duka likiuza zaidi ya linavyonunua, tofauti imetoka kwenye rafu. Hapa tarehe 1 Februari kulikuwa na mali ya 4,800,000 kwa bei ya kununulia, na tarehe 28 usiku ikahesabiwa 4,500,000. Tukiiandika taarifa upya inavyopaswa, inasomeka hivi:

Mauzo: 6,000,000
Mali ya mwanzo wa mwezi: 4,800,000
Jumlisha manunuzi, pamoja na nauli ya mzigo: 5,100,000
Toa mali ya mwisho wa mwezi: 4,500,000
Gharama ya mali iliyouzwa: 5,400,000
Faida ghafi: 600,000
Pango, mshahara, umeme, mlinzi, simu na makato ya miamala, mifuko: 370,000
Kodi ya mapato iliyotengwa: 210,000
Faida halisi: 20,000

Kutoka 530,000 hadi 20,000, na hakuna aliyeongeza pango hata shilingi moja.

Kwanza tumalizane na mstari wa kodi, kwa sababu unadanganya kwa namna yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka kodi ya asilimia 3.5 ya mauzo kwa mfanyabiashara mdogo binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi milioni 11 lakini hayavuki milioni 100. Ni ya mauzo, si ya faida. Duka likipata hasara, inadaiwa vile vile. Nayo hulipwa kwa awamu nne kwa mwaka, kwa hiyo anayeandika pesa zinazotoka tu haioni Februari, halafu Machi inamwangukia kwa mkupuo. Ndiyo maana nimeitenga kila mwezi: 3.5 kwa 100 ya 6,000,000 ni 210,000. Linganisha na pango la duka hili, ambalo ni 120,000. Kodi huwezi kuipunguza kwa kujadiliana na mtu, lakini ukijua kwamba kati ya zile shilingi 15 unazotegemea katika kila 100, tatu na nusu si zako, utaacha kuamini kwamba bidhaa ambayo faida yake ghafi ni shilingi 4 inakuletea kitu cha maana.

Sasa turudi kwenye gharama ya mali iliyouzwa. Kwa bei alizopanga, mali ya kuleta mauzo ya 6,000,000 ilipaswa kumgharimu 5,100,000. Imemgharimu 5,400,000. Kuna 300,000 zimepotelea ndani ya duka, na hapo ndipo msomaji wa taarifa anapaswa kukaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Sehemu ya kwanza si hasara ya biashara hata kidogo. Nyumbani wamechukua unga, sukari, mafuta na sabuni za 110,000 kwa bei ya kununulia, bila kuandika. Familia lazima ile, sina ugomvi na hilo. Ila hayo ni matumizi ya mwenyewe, na yakiachwa ndani ya gharama ya mauzo yanalifanya duka lionekane halifai. Daftari dogo la kaunta linatosha, kila kinachokwenda nyumbani kiandikwe kwa bei ya kununulia.

Ya pili ni madeni. Februari wakulima wako kwenye palizi na akiba ya chakula inapungua. Msimu wa kununua pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei, wakulima wakauza kupitia AMCOS, kwa hiyo mwezi huu wengi wanakopa hadi wapate pesa ya pamba. Duka letu lilitoa mali ya 40,000 kwa bei ya kuuzia na kuiandika kwenye daftari la madeni, lakini si kwenye mauzo. Mali imeondoka kwenye rafu, mauzo hayajaonekana, na gharama yake, 34,000, inasomeka kama upotevu. Mauzo ya mkopo ni mauzo, yaandikwe siku mali inapotoka. Asipolipa, hilo litakuwa deni bovu, na lina mstari wake.

Tukisahihisha mambo hayo mawili, mauzo yanakuwa 6,040,000, faida ghafi 750,000, na faida halisi, kodi ikiwa imepanda kidogo, inakuwa 168,600. Hilo ndilo duka lenyewe. Si lile la 530,000 wala la 20,000.

Hata hivyo faida ghafi bado ni asilimia 12.4, si 15. Zimebaki kama 156,000 za kutafuta, na 90,000 kati yake ni nauli ya mzigo kutoka Mwanza. Mwenye duka aliilipa, akaiandika kwenye manunuzi kama inavyotakiwa, lakini alipopanga bei alitazama risiti ya duka la jumla peke yake. Mzigo ulikuwa kilo 1,500, kwa hiyo kila kilo ilisafiri kwa shilingi 60. Kwa sabuni ya unga hilo si neno. Kwa sukari ni jambo zito.

Hebu tufungue mfuko mmoja wa sukari wa kilo 50. Umenunuliwa Mwanza kwa 140,000, yaani 2,800 kwa kilo, na Bariadi anauza 3,000. Kwa kichwa anahesabu faida ya 10,000 kwa mfuko. Ongeza nauli, 3,000, gharama inafika 143,000. Kisha angalia zilitoka kilo ngapi. Kijana akipima robo anaongeza kidogo ili mteja asinung'unike, nyingine inamwagika wakati wa kuchota, nyingine inabaki kwenye mishono ya mfuko. Gramu 10 za ziada katika kila robo ni gramu 40 katika kila kilo, na mfuko wa kilo 50 unauza kilo 48. Mauzo ni 144,000. Faida ghafi ni 1,000. Kodi ya asilimia 3.5 ya mauzo hayo ni 5,040. Mfuko umeuzwa wote, sanduku la pesa limejaa noti, na duka limepata hasara ya 4,040 kabla hata ya kumfikiria mwenye nyumba.

Je, aache kuuza sukari? Mimi nasema asiache. Anayekuja kununua robo ya sukari ananunua na majani ya chai, kiberiti na sabuni, na duka lisilo na sukari linakimbiwa. Bei nayo hawezi kuipandisha peke yake wakati jirani anauza 3,000. Kinachobaki mikononi mwake ni kilo na nauli. Sukari ipimwe mapema asubuhi, robo na nusu kilo, kwa utulivu, kwa mzani uliokaguliwa. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani ya biashara kila mwaka, na watu hudhani ukaguzi huo ni wa kumlinda mteja peke yake, wakati mzani mbovu unaweza kumpunja muuzaji pia. Zikitoka kilo 49 na nusu, mauzo yanakuwa 148,500, na baada ya nauli na kodi mfuko unaacha kama 300. Haina faida ya maana, lakini haili tena faida ya sabuni. Na kama muuzaji wa jumla hapo hapo Bariadi anauza mfuko kwa 142,000, huyo ni nafuu kuliko Mwanza kwa 1,000, hata kama risiti inaonyesha ni ghali.

Kwa mifuko 6 ya mwezi huo, kilo 12 zilizopotea kwenye kupima ni 33,600. Tukiondoa hizo na nauli, zinabaki kama 32,000 ambazo sina maelezo yake. Panya, soda zilizopasuka, biskuti zilizopitwa na muda, makosa ya kuhesabu, au mkono wa mtu. Kiasi hicho kikijirudia kila mwezi kwa ukubwa ule ule, fuatilia. Kikipanda na kushuka, shuku hesabu yako kabla hujamshuku kijana.

Tahadhari moja kuhusu miezi ya pamba. Tuseme Julai duka hili linauza 9,000,000 bila kurekebisha lolote, faida ghafi ikiwa ile ile ya asilimia 10 ya taarifa tuliyoiandika upya, kabla ya masahihisho. Faida ghafi ni 900,000, ukitoa 370,000 na kodi ya 315,000 zinabaki 215,000. Mwenye duka anafurahi, na tundu halionekani, ingawa sasa linapitisha 450,000 kwa mwezi badala ya 300,000. Pango, mshahara na matumizi mengine havikubadilika, vikashuka kutoka asilimia 6.2 ya mauzo hadi 4.1, na unafuu huo ndio uliofunika uvujaji. Kwa hiyo usilinganishe shilingi za Februari na za Julai. Linganisha asilimia ya faida ghafi. Ikiwa umepanga 15 na miezi yote miwili inasoma 10, tatizo si msimu.

Haya yote yanahitaji mali ihesabiwe, duka likiwa limefungwa, kwa bei ya kununulia na si ya kuuzia. Ukianza usiku wa mwisho wa mwezi huu, mwezi huu wenyewe hautasomeka, kwa sababu huna hesabu ya mwanzo wake. Taarifa ya kwanza utakayoweza kuiamini ni ya mwezi ujao. Hadi hapo, usiende kugombana na mwenye nyumba.