Seva ikizimika wikendi nzima, riba ya Ijumaa anaihesabu nani?

Kazi nyingi za mifumo ya fedha hufanyika watu wamelala. Riba inahesabiwa, taarifa zinafungwa, meseji za kukumbusha marejesho zinapangwa. Anayeziamsha kazi hizo kwa saa yake ni programu ya ratiba, na kwa wanaoandika mifumo kwa Java, mojawapo inayotumika sana ni Quartz. Unaiambia kazi gani ianze saa ngapi, nayo inaamsha. Shida huanza siku ambayo saa imefika na mwamshaji mwenyewe hayupo.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo. Kila usiku, saa sita na dakika tano, Quartz huanzisha kazi ya kuhesabu riba ya siku iliyoisha. Ijumaa saa tatu usiku seva yenye ratiba inazimika, na fundi anaiwasha Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Seva ya miamala ni nyingine na haikuguswa, kwa hiyo wanachama waliendelea kuweka na kutoa fedha. Zamu tatu zimepita: usiku wa kuamkia Jumamosi, wa kuamkia Jumapili na wa kuamkia Jumatatu.

Quartz inapoamka hukuta kwenye hifadhidata kwamba zamu inayofuata ya kazi hii ilikuwa usiku wa kuamkia Jumamosi, na saa hiyo imeshapita. Hapo inatazama agizo ambalo mwandishi wa programu aliliacha, au hakuliacha. Kwa ratiba ya aina hii maagizo ni matatu. `DoNothing` inaziacha zamu zilizopita na kusubiri inayofuata. `FireAndProceed` inazikusanya zote kuwa zamu moja, inaiendesha papo hapo, kisha inarudi kwenye ratiba. `IgnoreMisfires` inaendesha kila zamu iliyopita, moja baada ya nyingine, mpaka ifike sasa. Usipochagua, Quartz inakuchagulia ile ya kukusanya.

Sasa tupige hesabu. Mwanachama ana shilingi 10,000,000, na riba ni asilimia 7.3 kwa mwaka, yaani shilingi 2,000 kwa siku. Jumamosi mchana akaweka 5,000,000 zaidi, kwa hiyo kuanzia siku hiyo anastahili 3,000 kwa siku. Kwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili anadai jumla ya 8,000.

Agizo likiwa la kuruka, hapati kitu, kwani kazi itaanza tena usiku wa kuamkia Jumanne na kuhesabu riba ya Jumatatu. Likiwa la kukusanya, kazi inaendeshwa mara moja Jumatatu asubuhi, inatazama saa ya seva, inajiuliza jana ilikuwa siku gani, na inahesabu Jumapili. Anapata 3,000. Ijumaa na Jumamosi zimeyeyuka, na hakuna alama nyekundu popote, kwa sababu kazi imeanza na kumalizika salama.

Basi wengi hukimbilia agizo la tatu: zamu tatu zimepita, ziendeshwe tatu. Hapa ndipo nilipoona hata waandishi wazoefu wakiteleza. Kama ndani ya kazi kuna mstari unaosema «jana» kwa kutazama saa iliyopo, zamu zote tatu zinaendeshwa Jumatatu asubuhi, na kwa zote tatu jana ni Jumapili. Mwanachama wetu anapata 3,000 mara tatu, yaani 9,000, na chama kimepoteza 1,000. Asiyeweka wala kutoa kitu wikendi hiyo anapata jumla iliyo sahihi kabisa, na hilo ndilo baya zaidi, maana mkaguzi akiokota akaunti chache za namna hiyo atasema mambo shwari. Ni tarehe za maingizo tu zitakazomsuta: matatu, yote ya Jumapili.

Dawa ya hilo ipo. Quartz huipa kila zamu taarifa mbili, saa iliyopangiwa na saa iliyoanza kweli. Kazi ikiuliza `getScheduledFireTime()` badala ya kutazama saa ya seva, kila zamu itajua ni ya usiku upi. Ila usitumie njia hiyo pamoja na agizo la kukusanya: zamu iliyokusanywa hupangiwa upya saa ya sasa, kwa hiyo ukiiuliza itakujibu Jumatatu asubuhi, si usiku wa kuamkia Jumamosi. Na ukichagua kuziendesha zote, iwekee kazi alama ya `@DisallowConcurrentExecution`, la sivyo zamu ya pili inaweza kuanza kabla ya ya kwanza kumaliza.

Mimi kwa kazi ya fedha ningeacha agizo la kukusanya na kuiandika kazi yenyewe iwe na kumbukumbu. Ikianza, iulize hifadhidata: siku ya mwisho kuhesabiwa ni ipi? Alhamisi. Basi ihesabu Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kwa mfuatano, na hifadhidata ikatae ingizo la pili la riba kwa akaunti ileile na tarehe ileile. Hapo hata zamu ikiendeshwa mara kumi, fedha haziongezeki.

Meseji za kukumbusha marejesho ni jambo jingine. Zimepangwa saa mbili asubuhi, seva imerudi saa tano na dakika arobaini usiku, na agizo la kukusanya litawaamsha wateja usiku huo. Agizo la kuruka linawaacha bila kumbusho. Quartz haina agizo la «chelewa, lakini isipite saa kumi na mbili jioni», kwa hiyo sharti hilo liandikwe ndani ya kazi: ianze, itazame saa, na ikiwa usiku umeingia iache mpaka asubuhi.

Wanaojaribu maagizo haya mara nyingi hudhani hayafanyi kazi. Wanaweka la kuruka, wanazima seva nusu dakika, wanaiwasha, na kazi inaanza kana kwamba hawakusema kitu. Sababu ni kiwango cha uvumilivu, `org.quartz.jobStore.misfireThreshold`, ambacho katika mipangilio inayokuja na Quartz ni milisekunde 60,000. Kuchelewa kwa chini ya dakika moja hakuhesabiwi kuwa kukosa zamu, na kazi huendeshwa tu kwa kuchelewa. Pia ratiba ikihifadhiwa kwenye RAM badala ya hifadhidata, seva ikizimika hakuna kumbukumbu ya kilichokosekana, na agizo halina la kuamua.

Wala seva si lazima izimike. Quartz kwa kawaida huja na nyuzi kumi za kuendeshea kazi. Zote zikishikwa na ripoti nzito kwa dakika kadhaa, zamu za wengine zinapita seva ikiwa hai. Ukitumia hifadhidata, kumbukumbu za seva zitakuwa na mstari unaoanza na `Handling` na kuishia na `missed their scheduled fire-time`. Ukiuona kila usiku, ongeza nyuzi au hamisha ripoti kabla ya kugusa maagizo.

Kama mfumo wako unatumia Quartz na hifadhidata, na majedwali yana majina ya kawaida, endesha hii leo:

```sql
SELECT TRIGGER_NAME, MISFIRE_INSTR
FROM QRTZ_TRIGGERS;
```

Kwa ratiba ya aina tuliyoitazama, 1 ni kukusanya, 2 ni kuruka, na -1 ni kuendesha zote. Usishangae namba isipolingana na msimbo wako wa sasa: ratiba iliyokwisha hifadhiwa inabaki na agizo lake la zamani mpaka uiandike upya. Na ukikuta 0, maana yake hakuna aliyewahi kuchagua.