Jenereta mbili, na nani akatiwe kwanza

Tuchukue kituo cha data chenye jenereta mbili za kilowati 500 kila moja. Kompyuta zinakula 300, mitambo ya kupoza hewa 150, ofisi na mengineyo 200. Jumla ni 650.

Umeme wa gridi ukikatika, jenereta zote mbili huwaka pamoja. Itakayotangulia kufikia volti na mizunguko 50 kwa sekunde hujiunga na nyaya kuu peke yake. Swichi za kubadilishia umeme hazihamishi mzigo wote hapo. Huanza na kompyuta na upoozaji, 450, kwa sababu ndio mzigo ambao jenereta moja inaumudu. Ya pili husubiri hadi mawimbi yake yaende sambamba na ya mwenzake. Ikiunganishwa kabla ya hapo, mshtuko unaweza kuvunja shafti. Ikishajiunga, ofisi nazo hupata umeme.

Sasa jenereta moja izime ghafla. Mzigo wa 650 unaielemea iliyobaki, mizunguko inashuka. Kidhibiti kikiona hivyo lazima kikate ofisi mara moja, la sivyo na hiyo itazima.

Mtego, kwa maoni yangu, uko kwenye betri zilizoshikilia kompyuta wakati wa giza. Zikianza kujichaji, huenda zikavuta 60 zaidi, na 450 ikawa 510. Chaja ziwekewe kikomo wakati wa jenereta. Majaribio yanayofanywa betri zikiwa zimejaa hayaonyeshi kasoro hii kabisa.